Ugumu wa maji: 241 ya nini?

Siku moja niliandika kwenye karatasi ya majibu "ugumu: 97 mg/L" nikaipeleka. Fundi aliyeipokea akaiingiza namba hiyo kwenye mashine ya kulainisha maji, na mashine ikachoka kabla hata ya nusu ya muda tuliotarajia. Titresheni yangu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba sikuandika miligramu za kitu gani. Mimi nilihesabu kalsiamu, lakini mashine ilitaka kalsiamu kabonati.

EDTA, kemikali tunayoimimina kutoka kwenye bureti, hukamata ioni moja ya kalsiamu kwa molekuli moja yake, na magnesiamu nayo hivyo hivyo. Kwenye pH 10, kiashiria cha eriokromu nyeusi T hubadilika pale zote mbili zinapokwisha kukamatwa. Kwa hiyo bureti haikuambii kalsiamu ni kiasi gani na magnesiamu ni kiasi gani. Inakupa jumla ya moli tu. Kuzidisha jumla hiyo kwa 40.08 na kuiita kalsiamu, kama nilivyofanya, ni kudai kwamba hakuna magnesiamu hata chembe. Ndiyo maana watu wa maji walikubaliana kuripoti kana kwamba kila moli ni ya kalsiamu kabonati, gramu 100.09. Ni makubaliano ya hesabu. Hayamaanishi kwamba kabonati hiyo kweli imo majini.

Hesabu yenyewe naifanya kwa njia inayokwepa molari kabisa. Natengeneza myeyusho wa kalsiamu kabonati safi, iliyokaushwa, wenye miligramu 1 kamili kwa kila mililita (huyeyushwa kwa asidi ya hidrokloriki kidogo, kisha asidi hiyo hurekebishwa). Napima mililita 10.00 za myeyusho huo kwa EDTA ileile nitakayotumia kwenye sampuli. Juzi zilitumika mililita 10.15, baada ya kutoa jaribio tupu. Basi kila mililita ya EDTA ni sawa na miligramu 10.00 ÷ 10.15, yaani 0.985, za kalsiamu kabonati. Lebo ya chupa ilisema 0.01 M, na kwa lebo hiyo ningechukua 1.00 na kuongeza asilimia 1.5 ya bure.

Sampuli: mililita 50 kwenye chupa ya koni, mililita 1 hadi 2 za bafa ya amonia, kiashiria kidogo. Rangi inakuwa nyekundu ya mvinyo. Hapo usikae. Maliza ndani ya dakika 5 tangu utie bafa, maana kwenye pH hiyo kalsiamu kabonati inaweza kuanza kuganda na kukupunguzia jibu. Mwanzo mimina haraka kiasi. Rangi ikianza kuelekea zambarau, nenda tone kwa tone, ukitikisa na kusubiri sekunde chache, kwani mmenyuko hapo ni wa polepole, hasa maji yakiwa baridi. Kituo ni pale wekundu wa mwisho unapotoweka ikabaki buluu safi. Ikigoma kugeuka na kubaki zambarau chafu, shuku shaba au chuma, au magnesiamu kuwa kidogo mno. Usiendelee kumimina ukisubiri muujiza.

Nilisoma 12.30, 12.40 na 12.35. Wastani ni 12.35. Jaribio tupu, yaani maji yaliyoondolewa ioni yakiwa na bafa na kiashiria vilevile, lilitumia 0.10, hivyo zinabaki 12.25.

```
12.25 × 0.985 × 1000 ÷ 50 = 241 mg/L
```

Hiyo 50 ni ujazo wa sampuli ya asili. Maji yakiwa magumu sana, chukua mililita 25 ukajazie maji safi hadi 50, lakini ugawe kwa 25. Mara mbili nimemwona mwenzangu akigawa kwa 50 na kutoa ugumu nusu, huku marudio yake yakikubaliana vizuri kabisa. Marudio hayaligundui kosa hilo, kwa sababu kila mara linajirudia kwa kiasi kilekile.

Kutoka 241 unakwenda popote. Gawa kwa 100.09 upate milimoli 2.41 kwa lita. Gawa kwa 10 upate nyuzi 24.1 za Kifaransa, au kwa 17.85 upate nyuzi 13.5 za Kijerumani. Kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi nyingi, mg/L na ppm huchukuliwa kuwa sawa. Mtu akitaka kalsiamu peke yake, fanya titresheni ya pili kwenye pH ya 12 hadi 13, ambako magnesiamu hujitenga kama hidroksidi, kwa kiashiria kinachofaa kalsiamu, mfano mureksidi.

Siku hizi mstari wangu unasomeka hivi: "Ugumu wa jumla, kama kalsiamu kabonati: 241 mg/L, sampuli mililita 50, EDTA imepimwa leo, jaribio tupu limetolewa." Fundi yule sasa huanza kwa kutafuta neno "kama" kabla hajagusa mashine.