Barua kwa mwanangu: sherehe ya mume wangu mdogo

"Shikamoo mama. Mtoto mkojo wake uko safi wiki ya 6 sasa, daktari kasema tuendelee tu kupunguza dawa pole pole. Nataka nimfanyie kasherehe kadogo ka kupona, ila mama mkwe anataka ndafu na watu 80 na mziki. Naogopa mtoto atachoka halafu turudi tulikotoka. Nifanyeje bila kugombana na watu?"

Marahaba mwanangu. Nimesoma mesej yako usiku nikacheka kwanza, maana ndafu na watu 80 ni mimi kabisa nilivyokuwa. Wewe ulikuwa mdogo pengine hukumbuki, ila mdogo wako alipougua figo hizi hizi za kuvuja protini nilimfanyia shukrani hapa Kibosho, turubai, spika, kwaya, MC, mbuzi 2. Akakalishwa mbele na suti kuanzia saa 7 mchana, kila anayekuja anamshika mashavu na kumwambia "umenenepa!" wakati ule ni uvimbe wa dawa, mtoto anajua na anaona haya. Saa 10 tukamkuta amelala chini ya meza ya keki. Baada ya siku 4 mafua, wiki ya pili asubuhi macho yamevimba kama kaumwa na nyuki, mkojo una povu, tukarudi wodini. Sisemi ni sherehe ndiyo iliyomrudisha, figo hizi huwa zinarudia hata ukikaa kimya, lakini mafua ni kitu kimoja kinachoziamsha sana, na siku ile nilimpanga mtoto katikati ya watu wanaokohoa.

Kwa hiyo mimi naona ugawe mambo mawili, usiyachanganye. Kuna shukrani ya wakubwa na kuna sherehe ya mtoto. Mama mkwe wako hakosei kutaka kushukuru, naye alilala kwenye benchi la hospitali na wewe. Mwambie hivi, "mama, misa ya shukrani na ndafu tufanye kwako Jumapili ile nyingine, mtoto ataletwa kusalimia nusu saa akishapumzika, halafu baba yake atamrudisha". Mpe heshima ya kupanga ile yake yote, hata MC achague mwenyewe. Hapo hutagombana na mtu. Ya mtoto iache iwe ya mtoto, nyumbani kwenu Soweto.

Watoto 5 wanatosha, na mume wangu ndiye awachague, si wewe kuangalia nani atanuna. Muda saa 4 asubuhi mpaka saa 5 na nusu. Asubuhi ndiyo ana nguvu, ameshakunywa dawa yake na uji, na kwa baridi hii ya Julai jua la Moshi mpaka lichomoze ni hiyo saa 4. Sasa najua watu wetu, ukisema saa 4 wanakuja saa 5, kwa hiyo waambie saa 3, na muda wa kuondoka uutaje kabisa na bajaji ya kuwarudisha uwe umeshaongea naye. Sherehe bila mwisho ndiyo inayomaliza mtoto, si michezo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo piga simu kwa kila mzazi, usitume mesej maana mesej watu wanajibu "poa" bila kusoma. Uliza kama kuna mafua, kikohozi, homa au tetekuwanga kwa mtoto au kwa yeyote pale nyumbani. Tetekuwanga uiulize kwa jina. Mtoto aliye kwenye prednisoloni, hii dawa yake ya figo, ikimpata inaweza kuwa kali sana, na mwenye nayo anaambukiza hata siku 1 au 2 kabla vipele havijatoka. Ukija kusikia baadaye kuwa mmoja wao alikuwa nayo, piga kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri uone kipele kwanza. Mlangoni weka ndoo ya koki na sabuni, kila anayeingia ananawa, na wazazi uwanong'oneze mapema kuhusu ile habari ya kunenepa.

Chakula usimpikie chake peke yake, ataona bado ni mgonjwa. Pika mtori sufuria moja, ndizi mshare, nyama laini, kitunguu, karoti, usitie chumvi wala vile vidonge vya mchuzi maana navyo ni chumvi tupu. Anayetaka chumvi ataikuta mezani kwenye kisahani, upande wa wakubwa. Mtoto ukimkamulia ndimu kidogo hataiulizia. Krisps na soseji zisiingie kabisa, usiseme "ataonja moja", dawa hii inaleta njaa ya ajabu, mdogo wako alikuwa anaiba mpaka ugali wa mbwa. Keki ndogo, juisi ya pasheni, basi.

Michezo iwe ya kukaa kwenye mkeka barazani. Wape karatasi na rangi, watengeneze vishada, mwisho warushe kidogo uani. Kukimbia hajakatazwa, ila miezi 4 ya kulala na dawa juu yake imemlegeza mapaja, ukimwangalia akinyanyuka chini bado anajisukuma na mikono, si ndiyo? Akishindwa mbio mbele ya wenzake atalia na siku imeharibika.

Na umpe njia ya kutoka. Mkubaliane kuwa akishika sikio wewe unamwita ndani "kunywa maji", analala kitandani kwake dakika 10 mlango umefungwa, akitaka kurudi anarudi, asipotaka wenzake wanamalizia keki. Usisubiri aseme amechoka, mtoto haachi raha yake. Angalia akianza kufikicha macho, kukuegemea, kunyamaza ghafla, au kugombania rangi nyekundu kama ni shamba la urithi. Hasira nyingine ni za dawa, sawa, lakini kwangu mimi hasira saa 5 ni uchovu. Mpeleke ndani.

Siku inayotangulia asiende popote, hata sokoni Kiboriloni, na siku ya pili yake iwe tupu. Asubuhi zinazofuata pima mkojo wa kwanza na kile kijiti cha protini kama kawaida na uandike kwenye daftari. Kikigeuka kijani siku 1 usipige mayowe, ikifika siku 3 mfululizo ni plasi 2 au zaidi, au macho yamevimba, piga kliniki. Akipata homa usingojee hata kijiti. Na dawa isirukwe kwa ajili ya pilikapilika, kama ni siku yake ya kunywa anakunywa.

Mimi nitashuka na haisi ya Ijumaa jioni, nakuja na mikungu 2 ya mshare na maziwa. Mwambie mume wangu namletea ile fimbo ya kuchungia aliyoniomba, ila asimwambie baba yake.