Kwa nini rangi inateleza chini ya brashi alafu ukutani haichuruziki

Swali: "Mtaalamu habari. Nimefungua ndoo ya rangi ya maji nikaikuta nzito kama mtindi, ukiikoroga inalainika, ukiipaka inateleza vizuri tu, lakini ikishakaa ukutani haishuki. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe chepesi na kizito? Na fundi wangu aliongeza lita 5 za maji kwenye ndoo ya lita 20, koti ya kwanza ikakaa poa, ya pili ikaanza kuchuruzika kwenye kona na karibu na swichi. Tatizo ni nini?"

Jibu:

Salama kaka. Mi nimefanya kazi ya kuchanganya rangi maabara miaka mingi na hili swali lako la mwisho ndo linaleta malalamiko mengi kuliko yote, kwaiyo naomba nianze taratibu.

Kwanza piga hesabu ya nguvu zinazoivuta hiyo rangi. Lita moja ukiitandaza mita 10 za mraba inakuwa na unene wa milimita 0.1, yani kila mita moja ya mraba imebeba mililita 100, na kwa sababu rangi ni nzito kuliko maji hapo una kama gramu 130. Basi, hizo gramu 130 zilizosambaa mita nzima ya ukuta ndo mvutano wote wa dunia unaoivuta rangi yako ishuke chini. Ni kidogo sana. Sasa angalia brashi: mkono wako unakwenda kama nusu mita kwa sekunde, na kati ya nywele za brashi na ukuta kuna hiyo hiyo milimita 0.1 ya rangi, tabaka la juu linakimbia na mkono wako, la chini limeshika ukuta, na yaliyo katikati yanateleza moja juu ya jingine kama karata unapozisukuma kwa kiganja. Huko kuburutwa kunaisukuma rangi kwa nguvu ambayo ni mamia ya mara ya ule mvutano wa chini.

Kwaiyo sisi tunaotengeneza tunataka kitu kinachokubali nguvu kubwa na kukataa nguvu ndogo. Asali haiwezi hiyo kazi, asali mnato wake ni ule ule ukiiburuta au ukiiacha, ukiipaka kwa brashi mkono utachoka hata kabla ya kumaliza fremu ya dirisha, na ukiiacha ukutani itashuka polepole lakini haitasimama, masaa yote inashuka tu.

Rangi inapataje hiyo tabia? Ndani ya ndoo kuna maji, kuna vichembe vidogo sana vya plastiki ambavyo ndo vitashikana vikikauka, kuna unga mweupe wa kufunika ukuta, alafu kuna kitu kidogo mno, mara nyingi hakifiki hata asilimia 1 ya ndoo nzima, nacho ni dawa ya kuifanya nzito. Ya zamani na bado inatumika sana inatokana na selulosi ya mimea, ni minyororo mirefu ambayo ikitulia inajikunja na kusokotana kama tambi kwenye sufuria. Maji yote yananaswa humo. Ukipitisha brashi minyororo inanyooka na kulala upande mkono unakokwenda, haipingi tena, mnato unashuka hadi kufika karibu mara 100 tu ya maji, ambao mkono hausikii shida. Brashi ikishapita inajisokota upya na rangi inasimama. Kuna dawa nyingine za kisasa ambazo ncha zake hazipendi maji, zinakwenda kujibandika kwenye vile vichembe vya plastiki na kujenga madaraja kati ya kichembe na kichembe, brashi inayakata, ikipita yanajijenga tena.

Hapo kwenye "tena" ndo kuna utamu wote wa hii kazi. Brashi inaacha mifereji, si umeiona, mistari midogo ya nywele? Ngozi ya juu ya rangi inapenda kuwa tambarare kwaiyo inavuta ile mistari ijifute, lakini inahitaji rangi ibaki laini kidogo kwa muda. Ikirudi kuwa nzito haraka mno mistari inagandia humo na ukuta unakauka ukiwa kama umechanwa na kitana, ikichelewa mno inachuruzika. Rangi zenye selulosi peke yake zina kawaida ya kurudi haraka na kuacha mistari, ndo maana nyingi tunachanganya dawa zote mbili.

Sasa fundi wako. Aliiona nzito ndani ya ndoo akadhani itakuwa nzito na mkononi, na ni kosa la kueleweka kabisa, ila uzito wa ndani ya ndoo ni ule wa rangi iliyolala, sio wa rangi iliyo chini ya brashi. Maji aliyoongeza yameitawanya minyororo ikawa mbali mbali, haifikiani kusokotana, na ule uzito wa kutulia unaporomoka haraka kuliko kiasi cha maji yenyewe, wakati wepesi wa chini ya brashi umebadilika kidogo tu. Kwa maneno mengine ameua kile kilichokuwa kinaishikilia rangi na hakupata faida yoyote ya maana mkononi.

Koti ya kwanza ilikaa kwa sababu plasta ilikunywa hayo maji papo hapo na rangi ikawa nzito ikiwa ukutani. Ya pili ikakuta ukuta umeshazibwa, hakuna wa kuyanywa. Alafu ongeza hili, rangi iliyozimuliwa haifuniki, kwaiyo fundi anaona madoa anarudia kupaka pale pale, na kwenye kona na pembeni ya swichi brashi inajikamua na kuacha rangi nene. Unene ukiwa mara mbili, rangi inayoshuka sio mara mbili, inafika mara 8. Ndo maana michirizi imeanzia huko na sio katikati ya ukuta.

Kabla ya kupaka tena jaribu hivi, chukua kipande cha tailsi laini, bandika masking tepu mistari miwili ikiacha nafasi ya vidole vitatu katikati, pembeni yake fanya nyingine ya tepu mbili zikiwa juu ya nyingine, na ya tatu ya tepu tatu. Koroga rangi vizuri, mimina kidogo juu ya kila nafasi, vuta kwa rula moja kwa moja, bandua tepu na simamisha tailsi saa hiyo hiyo, mistari ikiwa imelala kwa upana. Tepu moja inakupa unene unaokaribia ule wa kawaida wa ukutani. Rangi nzima itasimama kwenye tepu moja na mara nyingi hata mbili, ya tatu ikishuka sio neno. Yako ikishuka kwenye tepu moja basi usiipake peke yake.

Ilobaki usiitupe, changanya nusu kwa nusu na ndoo mpya ya aina na namba ile ile ya rangi bila kuongeza tone la maji, rudia tailsi, na kama bado inashuka itunze kwa koti ya kwanza ya plasta mpya. Ile michirizi iliyokauka isugue kwa msasa kwanza, ukipaka juu yake itaonekana tu.