Papai au plamu kavu kwa choo kigumu?

"Kati ya papai na plamu kavu, ipi inalainisha choo kweli? Maharage yamenijaza gesi tu."

Plamu kavu. Katika jaribio lililochapishwa 2011, gramu 50 mara mbili kwa siku kwa wiki 3 zilileta choo mara nyingi na laini kuliko unga wa nyuzinyuzi za isabgoli. Mbali na nyuzinyuzi, zina sorbitoli, sukari inayovuta maji utumboni, kwa hiyo anza na 4 au 5 kwa siku. Ukizidisha ghafla utaharisha. Papai huenda likasaidia, ila tafiti zake ni chache, na papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye papai, kazi yake ni kuvunja protini. Maharage usiyaache: rudi kwenye vijiko vichache, uongeze taratibu huku ukinywa maji. Ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali.