Kufia Varanasi na moksha

"Eti Mhindu akifia Varanasi anapata moksha moja kwa moja, hata kama alikuwa mwovu?"

Kwa imani ya wafuasi wengi wa mungu Shiva, ndiyo: anayefia mji huo mtakatifu wa India hupata moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya. Husema Shiva mwenyewe humnong'oneza anayekata roho mantra, maneno matakatifu ya kumvusha, na hazaliwi tena. Ila mwovu hapiti bure: mapokeo ya mji huo yanasema Bhairava, sura kali ya Shiva, humwonjesha kwanza, kwa kitambo kidogo tu, mateso ambayo angeyapata kwa maisha mengi. Nilisoma dini za India chuoni, na jambo hili huachwa sana.

Wanaofuata njia ya maarifa, ile ya mwanafalsafa wa Kihindu Shankara, hawaoni mgongano. Kwao kinachofungua ni kuitambua nafsi kuwa ni Brahman, uhalisia mmoja wa milele, na mnong'ono ule ndio maarifa yenyewe, yamekuja dakika ya mwisho. Wafuasi wa Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu, hutegemea zaidi kumpenda mungu Vishnu na kujisalimisha kwake, popote ulipo.

Anayesema kwamba maiti kuchomwa Varanasi kunatosha amepata nusu. Ahadi yenyewe ni ya kufia pale. Na si wote waliokubali: mshairi Kabir, kwa mapokeo, alihamia mji mwingine, Magahar, makusudi akafie huko.