Picha ya viza imekataliwa mara mbili: nitaipimaje mwenyewe kabla ya kuipakia?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nimempiga mdogo wangu picha kwa simu, ya kuweka kwenye fomu ya viza ya Marekani (DS-160). Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikaikata picha iwe mraba. Fomu imeikataa mara mbili bila kunieleza vizuri kosa. Kwangu mimi inaonekana safi, ila uso umekuwa mweusi kidogo. Nakutumia zote mbili, ya mwanzo na niliyoikata. Nitajuaje kama iko sawa?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nimezifungua zote mbili. Kosa la ukataji linarekebishika kwa dakika mbili, lakini mwanga na kivuli kilichoingia nyuma ya kichwa havirekebishiki. Itabidi mdogo wako asimame tena. Nianze na hilo la ukataji, maana ndilo linalopimika kwa hesabu.

Picha ya DS-160 ni ya mraba, faili la JPEG, upande mmoja usipungue pikseli 600 wala usizidi 1200, na uzito usizidi kB 240. Ndani ya mraba huo, kichwa kuanzia juu ya nywele hadi chini ya kidevu kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Macho nayo yawe kati ya asilimia 56 na 69 ukipima kutoka ukingo wa chini kwenda juu. Picha uliyoikata ina upande wa pikseli 1600, kwa hiyo ni kubwa kupita kiwango, na kichwa kimechukua pikseli 1300. Gawanya 1300 kwa 1600, unapata asilimia 81. Uso umejaa mno. Nadhani ulifuata mazoea ya picha za milimita 35 kwa 45, zile za viza za Schengen, ambapo uso unatakiwa kuwa milimita 32 hadi 36. Kule uso mkubwa ndio sahihi, kwa Wamarekani haupiti.

Kupima huku hakuhitaji programu ya kununua. Fungua picha kwenye Paint ya kompyuta, kisha sogeza kishale juu ya picha na utazame namba mbili zinazoonekana chini ya dirisha. Ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, ya pili ni umbali kutoka ukingo wa juu. Weka kishale juu ya nywele, usome namba ya pili. Fanya hivyo kwenye mboni za macho, kisha chini ya kidevu.

Ili nikuonyeshe hesabu nzima, leo asubuhi nimempiga picha kijana anayenisaidia hapa studio, kwa simu ya kawaida kama yako, upana pikseli 3024 na urefu 4032. Juu ya nywele nimesoma 1420, macho 1720, kidevu 2020. Kichwa basi ni 2020 kutoa 1420, yaani pikseli 600. Mimi hulenga asilimia 60, ili nibaki na nafasi pande zote mbili za kanuni. Ukigawanya 600 kwa 0.60 unapata 1000, na huo ndio upande wa mraba. Macho nayalenga kwenye asilimia 62, yaani pikseli 620 juu ya ukingo wa chini. Kwa hiyo ukingo wa chini unakaa kwenye 1720 jumlisha 620, ambayo ni 2340, na ukingo wa juu unakaa kwenye 1340. Katikati ya pua nimesoma 1510, basi mraba unaanzia 1010 upande wa kushoto na kuishia 2010. Kwenye Paint unachagua Select, unaanza kuvuta kutoka 1010 na 1340 mpaka kipimo kisomeke 1000 kwa 1000, unabonyeza Crop, unahifadhi kama JPEG. Juu ya nywele zimebaki pikseli 80, chini ya kidevu 320, mabega yanaonekana. Uzito ukizidi kB 240, punguza kwa Resize hadi 800, lakini usishuke chini ya 600.

Sasa angalia jambo ambalo hesabu hiyo imelifichua. Kichwa cha kijana wangu kilikuwa pikseli 600 tu kwenye picha ya mwanzo, kwa sababu nilisimama kama mita moja na robo kutoka kwake. Cha mdogo wako kina pikseli 1300. Kwa simu ya kawaida, hiyo ina maana ulisimama kama nusu mita kutoka usoni kwake. Lenzi ya simu ni pana, na ukiikaribia sura namna hiyo pua inavimba, paji la uso linajitokeza mbele, na masikio yanarudi nyuma kana kwamba yamebanwa. Hakuna kukata kunakorudisha sura ya mtu. Watu hukaribia wakiogopa picha kukosa ubora, na hofu hiyo haina msingi: hata picha ndogo kabisa inayokubalika, ya pikseli 600, inahitaji kichwa cha pikseli 360 tu. Rudi nyuma, tumia kamera ya nyuma ya simu, usivute kwa zumu, na lenzi iwe sawa na usawa wa macho yake. Zima pia kile kipengele cha kulainisha ngozi. Kinafuta makovu na mistari ambayo ni sehemu ya utambulisho wake, na picha iliyobadilishwa hairuhusiwi.

Tuje kwenye weusi wa uso. Mdogo wako ana ngozi ya rangi ya maji ya kunde iliyokolea, na umemsimamisha mbele ya shuka jeupe lililojaza picha nzima. Simu ikiachwa ijipimie mwanga, huona weupe mwingi, hudhani mahali pana mwanga kupita kiasi, basi hupunguza. Shuka linageuka kijivu na uso unazama. Haya naona kila wiki, na inaniuma mtu anapoambiwa eti ngozi yake "haitoki vizuri". Ngozi haina kosa, kipimo cha mwanga ndicho kilichodanganyika. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha alama ya jua polepole huku ukimtazama yeye mwenyewe, si kioo peke yake. Simama pale rangi ya kwenye simu inapolingana na unayoiona. Halafu kuza picha na uangalie macho: lazima utofautishe mboni na duara jeusi lililo katikati yake, na unyusi uachane na ngozi. Visipoachana, mwanga bado haujatosha.

Ukipandisha mwanga hivyo, shuka litakuwa jeupe zaidi, na hilo ni jema. Hatari inakuja akivaa shati jeupe au mtandio mweupe, kwa sababu kingo zake zitamezwa na shuka. Mvalishe nguo ya rangi iliyokolea. Mtandio wa dini unaovaliwa kila siku unaruhusiwa, mradi uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli kwenye paji. Miwani avue, maana tangu Novemba 2016 Wamarekani hawaikubali kwenye picha hizi.

Kingine nilichokiona ni mashavu mawili ambayo hayafanani. Kwenye Paint chukua Color picker, gusa shavu, kisha fungua Edit colors usome namba ya nyekundu. Shavu lake la kushoto limesoma 121, la kulia 58. Dirisha lilikuwa ubavuni kwake, sivyo? Kanuni inasema tu mwanga uwe sawa usoni bila kuweka namba. Mimi kazini huikubali tofauti isiyozidi kama moja ya tano. Hapa shavu moja halijafika hata nusu ya lingine. Dawa ni kumgeuza alitazame dirisha, wewe ukiwa umelipa mgongo bila kulikinga. Ukitaka rahisi zaidi, msimamishe barazani kwenye kivuli, akiangalia uwanja ulio wazi. Jua lisimpige moja kwa moja, kwa kuwa litampa vivuli vya macho na kumfanya akunje uso. Ukuta wa kijani au bati la bluu lililo karibu litamtupia rangi yake mashavuni, kwa hiyo mhamishe. Na kabla ya kupiga, mfute paji na pua kwa kitambaa kikavu. Mng'ao wa jasho huonekana kama doa jeupe, na doa hilo halina ngozi ndani yake ya kuirudisha.

Imebaki mandharinyuma. Pembe ya juu kushoto ya picha yako imesoma 228, lakini pembeni mwa sikio la kulia imesoma 171, na ukitazama vizuri utaona umbo la kichwa chake limechorwa kwenye shuka. Hicho ni kivuli, kwa sababu amegusana na ukuta. Msogeze mbele mita moja au zaidi kutoka kwenye shuka, na kivuli kitaangukia chini, nje ya picha. Shuka nalo lipigwe pasi na livutwe kwa pini pande zote. Mikunjo ya kukunjia kabatini nimeihesabu mitatu nyuma ya bega lake. Kitambaa cha bluu ambacho studio nyingi za kwetu hutundika hakifai hapa, inatakiwa nyeupe au nyeupe iliyofifia kidogo.

Najua utashawishika kutumia programu ya simu inayofuta nyuma na kuweka weupe. Tafadhali usifanye. Ni kubadilisha picha, jambo ambalo nimekwisha kusema haliruhusiwi, na pia hukata vibaya: nywele za kipilipili hupoteza ncha zake na kubaki na ukingo kama kofia, na sikio huliwa kipande. Kuza picha ya namna hiyo uone ukingo wa nywele, utajua mara moja.

Ukimaliza, pima upya kwa namba zako, si zangu, kisha ipakie. Fomu ikiipokea, ujue mashine imeridhika, lakini ofisa wa ubalozi bado anaweza kuikataa kwa macho yake, hasa kwa kivuli au sura isiyo wazi. Kwa hiyo siku hiyohiyo nguo na mwanga vikiwa bado tayari, piga picha sita au saba, uzihifadhi zote bila kuzikata. Zinatumika kwa miezi sita tangu siku ya kupigwa, na ukiambiwa ulete nyingine hutalazimika kumtafuta tena mdogo wako. Nitumie hiyo mpya ya mwanzo, kabla ya kukata, niitazame mashavu.