Meza ni ya Kireno, pesa je? Kusoma alama ya asili kwenye kamusi

Ukitafuta neno meza katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu utakuta vidahizo viwili, yaani maneno mawili yaliyoorodheshwa kila moja peke yake. Kimoja ni kitenzi, kile cha kumeza tonge au kidonge, nacho hakina alama ya asili kwa kuwa ni neno la Kibantu. Kingine ni nomino, kile kitu tunacholia chakula juu yake, na hicho kina alama ya kuonyesha kuwa kimetoka katika Kireno: mesa. Ninyi mnaoanza kazi ya maneno, iwe ni kufundisha, kutafsiri au kuhariri, anzieni hapo. Alama ya asili ni ya kidahizo kimoja tu, si ya kila neno linaloandikwa vile. Nimeshasahihisha kazi nyingi za wanaoanza zilizodai kwamba kitenzi kumeza ni cha Kireno, kisa mwandishi hakutazama namba ndogo iliyo kando ya neno. Kopa nalo ni hivyohivyo. Kukopa hela ni kwetu, lakini kopa ya kwenye karata ni copas ya Wareno, pamoja na wenzake uru (ouros), shupaza (espadas) na turufu (trunfo).

Kabla ya yote, soma ukurasa wa vifupisho ulio mwanzoni mwa kamusi. Kamusi moja itafupisha Kireno na Kihindi kwa herufi tatu, nyingine itaandika neno zima na kukutajia umbo la asili. Dakika tano za kusoma ukurasa ule zitakuepusha na makosa ya mwezi mzima.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapa nilijikwaa mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo niliandaa orodha ya maneno ya kigeni kwa ajili ya somo, na pesa nikaiweka kwenye safu ya Kireno. Nilikuwa nimesikia habari za fedha iitwayo peso, nikaona inafanana, nikaridhika. Mzee aliyepitia orodha ile hakunikaripia. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kama meza imetoka kwa mesa, mbona pesa haikuwa peza?"

Swali hilo lilinifundisha kazi kuliko darasa lolote. Mreno akiandika s moja katikati ya irabu mbili, hutamka z. Wahenga wetu wa pwani hawakusoma maandishi yake, walimsikia. Ndiyo maana mesa ikawa meza. Panapotamkwa s kweli, kama katika lenço, yaani kitambaa cha mkononi, sisi tulibaki na s: leso. Kwa hiyo peso, ambayo Mreno huitamka kwa z, ingetuachia z au sauti ya jirani yake, kama parafuso ilivyotupa parafujo. Halafu tazama mwisho wa neno. Lenço, parafuso na trunfo zote huishia kwa o, na kwetu zimekuwa leso, parafujo na turufu, zikiishia kwa o au u. Hakuna hata moja iliyogeuka kuwa a. Pesa inakataa mara mbili kuwa ya Kireno.

Jaribu upande wa pili. Kihindi kina paisa, yenye s ya kweli na a mwishoni. Irabu mbili za ai zimekaza zikawa e, jambo la kawaida kwetu. Sauti zimekubali. Lakini sauti peke yake si ushahidi wa kutosha, uliza na historia ya kitu chenyewe. Huko India rupia moja ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na paisa nne, jumla 64. Kampuni ya Wajerumani ilipotengeneza sarafu za Afrika Mashariki kuanzia 1890, ile ndogo iliitwa pesa, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Hesabu ileile. Neno, sarafu na hesabu yake vyote vilitoka bandari za ng'ambo ya bahari, kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Ukiona kamusi imeweka alama ya Kihindi kwenye pesa, hiyo ndiyo sababu.

Nawasihi mfanye hivyo kwa kila neno mnalolitilia shaka: kwanza sauti, kisha kitu chenyewe. Sauti za Kireno zina tabia zake. Konsonanti mbili zilizobanana tunazitenganisha kwa irabu, hivyo fronha, ile ya kuvalisha mto, ikawa foronya. Irabu ei inakuwa e, bandeira ikawa bendera. Caixa, ambayo x yake hutamkwa sh, ikawa kasha. Kwa maneno ya Kihindi, pumzi inayofuata konsonanti hupotea: dhobi akawa dobi. Na neno likiishia kwa konsonanti tunalipa irabu: lakh ikawa laki.

Maana nayo huhama, na hapo alama ya asili inaweza kukushangaza. Gereza limewekewa Kireno, na umbo la asili ni igreja, yaani kanisa. Sauti hazina tatizo: i ya mwanzo imeanguka, gr imetenganishwa kwa e, na j ya Kireno imekuwa z. Lakini kanisa na jela vinakutana wapi? Vinakutana ngomeni. Kamusi za zamani hutoa maana ya ngome pia. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Unguja nako, ngome ya Waomani ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ngome zote mbili baadaye zilifungia watu. Jina lilibaki pale pale huku kazi ya jengo ikibadilika. Msiikatae alama kwa sababu tu maana ya leo haifanani na ya zamani. Tafuteni kiungo cha katikati.

Jambo la mwisho ni mipaka ya alama yenyewe. "Kihindi" kwenye kamusi zetu ni kapu kubwa. Wafanyabiashara wengi waliofika Unguja, Lamu na Mombasa walitoka Gujarati na Kachi, nao walisema lugha za kwao. Kwa hiyo mnapoandika kuhusu bangili au mashua, ni salama zaidi kusema "lugha za Wahindi" mpaka muwe mmelinganisha maumbo. Tena alama hutaja mlango neno lilimopitia mwisho, haisemi lilizaliwa wapi. Rangi ni neno la Kiajemi ambalo Wahindi pia wanalo. Nanasi ni jina lililotoka kwa wenyeji wa Amerika Kusini, Wareno wakalibeba, na Wahindi nao wakalichukua kwa Wareno, hivyo usishangae kamusi mbili zikitofautiana.

Yaya ndilo neno ninalopenda kuwapa wanafunzi wangu kwa zoezi. Wareno walikuwa na aia, mwanamke wa kulea watoto. Walipokaa India neno likaingia Kihindi kama aya, na kutoka huko likafika kwetu. Kwenye kadi yako andika hatua zote, kwa mpangilio huu: yaya, kutoka Kihindi aya, kutoka Kireno aia. Ukiandika "Kireno" peke yake umeruka bahari nzima, na ukiandika "Kihindi" peke yake uko sahihi, ila umekomea nusu ya safari.