Mteja aliyechelewa si mzembe

Swali: Tunaandaa mpango wa kuzindua huduma mpya ya malipo kwa simu. Mwenzangu amewagawa wateja kwa kufuata nani huanza kutumia mapema na nani mwishoni: wabunifu, wapokeaji wa mapema, wengi wa awali, wengi wa baadaye na wazembe. Mimi naona "wazembe" ni kali mno, nimependekeza "wachelewaji". Nani yuko sahihi?

Jibu: Andikeni "waliochelewa". Wewe umeteleza kwenye kiambishi tu, mwenzako amekosea neno zima.

Nianze na lako kwa kuwa ni dogo. Kiambishi -aji humpa mtu kazi au mazoea: mwindaji huwinda, msomaji husoma. Mchelewaji basi ni mtu ambaye kuchelewa ndiyo tabia yake, leo kazini, kesho harusini, keshokutwa msibani. "Aliyechelewa" ni mtu aliyefika baada ya wengine katika jambo moja, na hilo moja ndilo mnalolipima. Mtu huyohuyo anaweza kuwa wa kwanza kununua simu janja na wa mwisho kukubali kulipa kwa kuskani msimbo. Kitenzi chenyewe kina undugu na "kucha" la usiku kucha: aliyechelewa ni aliyekutwa na mapambazuko. Hakuna tusi humo.

Sasa "wazembe". Neno hili limeenea katika mipango ya biashara, na kila nikilikuta naona mteja anashtakiwa bila kusomewa shtaka. Uzembe hauwezi kuwepo pasipo wajibu. Mlinzi aliyelala lindoni ni mzembe, kwa sababu alipewa lindo. Dereva asiyekagua breki ni mzembe, kwa sababu abiria wako mikononi mwake. Mteja ana wajibu gani wa kutumia huduma yenu? Nani alimkabidhi? Hela ni zake na namna ya kuzilipa ni hiari yake.

Mwenzako atajitetea kwamba neno la Kiingereza alilolitafsiri, "laggards", nalo lina lawama. Ni kweli. Everett Rogers, mwanasosholojia wa Marekani aliyeyapanga makundi haya matano katika kitabu chake cha 1962, alilitumia neno lenye kejeli, lakini mwenyewe alionya kuwa ni kosa kudhani watu hao ndio wenye hatia, na kwamba mara nyingi sababu iko kwenye mfumo unaowazunguka. Tena alieleza kwamba wa kwanza kabisa huwa na akiba ya kuwawezesha kumeza hasara jambo jipya likishindikana, ilhali wa mwisho hali yao ya uchumi ni dhaifu kiasi cha kulazimika kuwa na hakika kabla ya kujaribu. Mfasiri aliyechagua "wazembe" amechukua kasoro ya neno na kuacha maelezo yake.

Msidhani nabishana juu ya adabu. Katika jedwali la mpango, jina la kundi ndilo linaloandika safu inayofuata. Palipoandikwa "wazembe", safu ya hatua za kuchukua itajazwa matangazo, hamasa na zawadi ya kujisajili, kwa kuwa mzembe huamshwa. Palipoandikwa "waliochelewa", mtu atauliza kwanza wamecheleweshwa na nini, na bajeti itakwenda kwingine kabisa.

Tumchukue mwenye duka dogo. Mteja anataka kumlipa kwa simu, naye anakataa, anataka taslimu. Afisa masoko anamwandika mzembe. Hebu tufungue daftari la mwenye duka. Tuseme ameuza bidhaa za 100, na faida yake humo ni 8. Malipo yameingia kwenye simu. Msambazaji anayemletea mzigo hapokei malipo ya simu, kwa hiyo ni lazima azitoe hela kwa wakala, na tuseme makato ya kutoa ni 2. Robo ya faida imeondoka hapohapo. Jioni akienda kwa wakala anaambiwa taslimu zimekwisha, arudi kesho, na gari la mzigo linapita alfajiri. Taslimu mkononi haina makato wala haimsubirishi mtu. Mwenye duka huyu amepiga hesabu, na hesabu yake imetoka sawasawa. Mkimpelekea fulana na kipaza sauti hamjagusa hata tarakimu moja ya hesabu hiyo.

Hapa ndipo malipo yanapotofautiana na mbegu ya mahindi, ambayo ilikuwa msingi wa utafiti maarufu uliochapishwa 1943, wa jinsi wakulima wa jimbo la Iowa nchini Marekani walivyoanza kutumia mbegu mpya. Mkulima akipanda mbegu mpya peke yake, shamba lake linazaa tu, jirani apande asipande. Malipo yanahitaji pande mbili. Huduma inamfaa mtu kwa kadiri wale anaowalipa na wanaomlipa walivyokwisha kuingia. Kwa hiyo "kuchelewa" kwa mwenye duka kunaweza kuwa ni kuchelewa kwa msambazaji, na dawa ni kumwingiza msambazaji kwanza, ili hela ya mauzo iende moja kwa moja kulipia mzigo bila kupita kwa wakala.

Na jambo hili hupimika. Chagueni msambazaji mmoja aanze kupokea malipo ya simu, mwingine anayefanana naye abaki na taslimu kwa muda. Baada ya miezi miwili hesabuni wenye maduka walioanza kutumia huduma upande huu na upande ule, bila kuwapa zawadi wala semina ya ziada. Wakiongezeka wazi upande wa kwanza, mmejua kikwazo kilikuwa wapi. Wasipoongezeka, bado msiwaite wazembe. Tazameni vikwazo vingine: huduma inataka simu janja na wao wana kitochi, laini imesajiliwa kwa jina la mtoto au mume, menyu iko katika lugha wasiyoisoma, au waliwahi kutuma hela namba isiyo yao na muamala haukurudishwa. Kila kimoja kina dawa yake. Wa kitochi anahitaji menyu ya kupiga nyota na reli. Aliyepoteza hela anahitaji jina la anayelipwa litokee kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri, na mahali pa kudai muamala uliokosewa pakiwa na siku inayojulikana ya kujibiwa.

Kuna kosa la hesabu linaloandamana na neno hili karibu kila mara. Mpangaji ana wateja lengwa 10,000, anachukua asilimia 16 iliyopangiwa kundi la mwisho, anapata "wazembe" 1,600 hata kabla huduma haijazinduliwa. Asilimia za makundi yale matano, yaani 2.5, 13.5, 34, 34 na 16, zilitokana na kupasua mstari wa muda, si kwa kuchunguza tabia za watu. Unachukua siku ambayo kila mtu alianza kutumia, unatafuta wastani, kisha unakata kwa mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu walivyotawanyika kutoka kwenye wastani huo. Na wanaohesabiwa ni wale tu walioanza.

Tuseme miaka 4 imepita, na katika wale 10,000 walioanza ni 6,000. Wastani wa kuanza ni mwezi wa 20 na mchepuko ni miezi 6. Kwa mgawanyo huo, walioanza kabla ya mwezi wa 8 watakuwa kama 150, kati ya mwezi wa 8 na wa 14 kama 810, kutoka hapo hadi mwezi wa 20 kama 2,040, hadi wa 26 wengine 2,040, na baada ya mwezi wa 26 kama 960. Hao 960 ndio kundi la mwisho, nao wanatumia huduma yenu na kulipa makato kama wengine! Wale 4,000 waliobaki hawamo katika kundi lolote kati ya matano. Jina lao ni "wasiotumia", na wanahitaji uchunguzi wa peke yao. Anayewatupa wote katika kapu la "wazembe" amewatukana wateja alio nao na kuwasahau asio nao.

Katika uhai wa huduma mgawanyo huo utakuwa umepinda kidogo huku au kule, na kabla ya uzinduzi hamna tarehe hata moja ya kukokotoa. Kwa hiyo asilimia hizo zitumieni kama makisio ya kupangia awamu, halafu mzisahihishe miezi inavyokwenda. Mkisahihisha, hesabuni siku mtu alipoanza kulipa, msihesabu siku aliyojisajili. Anayejisajili kwa ajili ya zawadi na kunyamaza hajaanza. Kipimo cha kuridhisha ni malipo 3 ndani ya siku 30 yasiyochochewa na zawadi. Mkihesabu usajili, mstari utapaa mapema, mtaamini mmeshafika kwa wengi wa awali, na mtaanza kupunguza watu wa mafunzo wakati wanaotumia kweli hawajafika hata nusu ya mnaowadhani.

Majina mengine ya mwenzako nayo yana mushkeli. Mbunifu ni aliyekibuni kitu. Watu wa kwanza kujaribu huduma yenu hawajabuni chochote, wameonja, waiteni "waonjaji". "Wapokeaji wa mapema" linaweza kupita katika mpango wa mbegu au chanjo, ila katika malipo ni hatari, kwa sababu mpokeaji ni yule anayeingiziwa hela. Mkiandika "mafunzo kwa wapokeaji wa mapema", nusu ya timu itakwenda kwa wenye maduka na nusu itawatafuta wateja wa kundi la pili, na wote watakuwa wamesoma sawasawa. "Watumiaji" nalo liandikwe kwa uangalifu: likidondoka i moja linakuwa "watumaji", ambao ni upande wa pili wa muamala. Kundi la pili waiteni "watangulizi", maana wengine huwatazama hao kabla hawajaamua. "Wengi wa awali" na "wengi wa baadaye" hayana uzuri wowote, lakini yanaeleweka na hayamsingizii mtu, yaacheni.

Mkishindwa kabisa kumwachisha mwenzako, mpeni "wachelewaji" lako. Nitalivumilia, kiambishi na yote. "Wazembe" lifuteni kwenye jedwali, kisha mrudi kwenye safu ya hatua za kuchukua mkaone ni zipi ziliandikwa kwa ajili ya neno hilo.